Notisi ya Fundi wa Ikoma

Notisi ya madai ya mtoa huduma anayesema yeye ni mwajiriwa ni barua inayopingana na karatasi ambayo mwandikaji wake mwenyewe aliisaini. Mkataba unamwita mkandarasi au mtoa huduma. Ankara zake zinamwita hivyo, na hata kodi imekatwa kwa jina hilo. Notisi inakuja na kusema kwamba majina hayo hayakulingana na kazi ilivyofanyika siku kwa siku, na kwamba sheria ya kazi hutazama kazi ilivyofanyika. Hivyo ugumu wa notisi ya namna hii unaanza kabla ya hesabu ya fedha: kwanza inabidi ionyeshe uhusiano wa pande mbili ulikuwa nini hasa.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti notisi hizi zina pa kutokea. Upande wa Tarime kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara pale Nyamongo, na kuuzunguka kuna msururu wa makampuni madogo yanayopeana kazi: usafiri, ulinzi, usafi, chakula, matengenezo ya mitambo. Upande wa Serengeti, kuanzia Mugumu kwenda Robanda na geti la Ikoma, kuna kambi na hoteli za watalii zinazohitaji madereva, mafundi, wapishi na walinzi mwaka mzima, ingawa watalii huja kwa msimu. Kote kuwili yapo maneno matatu ya mtu anayefanya kazi bila ajira rasmi. Kibarua analipwa kwa siku. Deiwaka anashika nafasi ya mwingine kwa muda. Mtoa huduma ana mkataba wa maandishi, na ndiye mwenye tatizo kubwa kuliko wenzake, kwa sababu karatasi aliyonayo inamkana.

Kisa kinachoelezwa hapa ni cha fundi magari mmoja, mzaliwa wa Nyamongo, aliyejifunzia ufundi katika gereji za Tarime mjini na Sirari kabla ya kuhamia Mugumu. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2016 hadi 31 Machi 2023 alitengeneza magari ya kambi moja ya watalii upande wa Ikoma. Kila mwaka alisaini mkataba wa kutoa huduma wa miezi 12, wenye maneno yale yale, na tarehe tu ndizo zilizobadilika. Malipo ya miaka ya mwisho yalikuwa shilingi 900,000 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi mhasibu alimpa ankara iliyokwisha kuchapwa, fundi akaisaini, kampuni ikakata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani shilingi 45,000, naye akapokea 855,000. Jioni ya Ijumaa tarehe 31 Machi 2023 alipata ujumbe wa simu kwamba uongozi umeamua kutoendelea na huduma yake. Aliyemsaidia kuandika notisi, ambaye ndiye anayekumbuka habari hizi, alikuwa msaidizi wa kisheria pale Mugumu, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Rasimu ya kwanza ya notisi hiyo ilikuwa na kosa kubwa, tena kwenye kichwa chake. Iliandikwa kuwa ni notisi ya madai kwa kuvunja mkataba wa huduma. Maneno hayo yalionekana ya kawaida, kwa kuwa mkataba wenyewe uliitwa hivyo. Lakini mtu anayedai kwamba mkataba wake wa huduma umevunjwa amekwisha kukubali kwamba alikuwa mtoa huduma, na madai ya namna hiyo ni ya mahakama ya kawaida ya madai. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ndiyo chombo cha kwanza cha migogoro ya kazi na ambayo kwa mkoa wa Mara ofisi yake iko Musoma, husikiliza mgogoro wa mwajiri na mwajiriwa. Barua ile ingefika mezani kwa mwanasheria wa kampuni, naye angeitumia siku ya kwanza ya usuluhishi kuonyesha kwamba mlalamikaji mwenyewe anajiita mkandarasi. Kichwa kikabadilishwa kuwa notisi ya madai ya kuachishwa kazi isivyo halali, na ndani ya barua yote neno "huduma" likabaki mahali pamoja tu, pale ilipotajwa karatasi iliyosainiwa.

Msingi wa hoja unapatikana katika Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61. Kifungu hicho kinasema kwamba mtu anayemfanyia kazi au kumpa huduma mwingine huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali sura ya mkataba, ikiwa kipo angalau kiashiria kimoja kati ya saba. Afrika Kusini iliingiza kanuni inayofanana nayo sana katika sheria yake ya kazi mwaka 2002, na Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo Na. 198 mwaka 2006 likisisitiza jambo hilo hilo, kwamba uhusiano wa kazi upimwe kwa matendo kabla ya majina. Uzito wa kifungu cha 61 uko kwenye maneno "mpaka ithibitishwe vinginevyo". Fundi akishaonyesha kiashiria kimoja, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa kampuni. Haimaanishi kwamba ameshinda; kampuni bado inaweza kuleta ushahidi wa kuonyesha kwamba kweli alikuwa mfanyabiashara anayejitegemea. Kilichobadilika ni nani anayetakiwa kuanza kueleza.

Kati ya viashiria hivyo saba, viwili vilijibiwa kwa hesabu nyepesi. Kimoja ni kufanya kazi kwa mtu huyo wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho. Fundi aliingia saa 11 alfajiri kukagua oili, maji na breki kabla magari hayajatoka, na siku za kazi zilikuwa sita kwa wiki. Saa 45 alizimaliza kabla wiki ya kwanza ya mwezi haijaisha. Kingine ni kumtegemea mtu huyo kiuchumi. Taarifa ya benki ya miezi 12 ilionyesha kiasi kile kile, 855,000, kikiingia kila mwezi kutoka akaunti moja. Mtu anayeuza huduma hulipwa kulingana na kazi aliyofanya. Fundi huyu alilipwa sawa Julai, nyumbu wanapopita ukanda wa Grumeti na magari hayapumziki, na Aprili, kambi ilipofungwa kwa mvua. Kampuni ilidhani kufungwa kwa Aprili kungeidhoofisha hoja yake, lakini kwa fundi mwezi huo ndio wa kazi nyingi. Magari yaliyosumbuliwa na tope jeusi la Ikoma hufunguliwa masika, springi zinabadilishwa, bushi zinabadilishwa, na kila gari linasimama juu ya vigogo zamu yake ifike.

Kiashiria kilichobeba notisi kilikuwa cha usimamizi: nani aliamua kazi ifanyike namna gani na saa ngapi. Hapa karatasi ndogo zilisaidia kuliko mkataba. Dereva alipoona gari lina hitilafu alijaza kadi ya kazi, meneja wa kambi akaisaini, na ndipo fundi akaruhusiwa kuligusa gari. Jina lake lilikuwa kwenye ratiba ya zamu iliyobandikwa jikoni, katikati ya majina ya wapishi na madereva ambao hakuna aliyebisha kwamba ni waajiriwa. Lakini hakuna kilichosema wazi kama ujumbe mmoja wa simu wa mwaka 2021. Baba yake mdogo alifariki Nyamongo, na fundi akamwandikia meneja: "Mkuu, naomba ruhusa ya siku 4, nina msiba nyumbani." Jibu likarudi baada ya dakika chache: "Pole sana. Siku 2 tu. Jumatano alfajiri uwe hapa, gari mbili zinatoka." Mfanyabiashara anayejitegemea humwarifu mteja wake kwamba hatakuwepo, kisha hubeba hasara yake. Anayeomba ruhusa akapunguziwa siku za kuzika ana bosi. Ujumbe huo ulichapwa ukaambatanishwa, ukionyesha tarehe na namba ya simu ya meneja, na katika notisi ulinukuliwa neno kwa neno bila maelezo mengi. Ulijieleza.

Kilichofuata ndicho kilichohitaji kazi zaidi. Mkataba wa huduma ulikuwa na kifungu kinachosema mtoa huduma anaweza kumtuma mtu mwingine mwenye ujuzi kufanya kazi badala yake. Vifungu vya namna hii huwekwa kwa makusudi, kwa sababu ajira ni ya mtu mwenyewe; mwajiriwa hawezi kumtuma ndugu yake akamfanyie kazi. Kifungu hicho kikiwa cha kweli, hoja ya ajira inapungua nguvu sana. Fundi alipoulizwa kama aliwahi kukitumia, mwanzo alisema hapana. Baada ya kufikiri akakumbuka kwamba mwaka 2019 alishikwa na malaria akamtuma kijana aliyekuwa akimfundisha kazi. Kijana alifika getini alfajiri na boksi la spana mkononi. Mlinzi, naye mtu wa Tarime, akapitisha kidole kwenye orodha, akamwambia, "Mura, jina lako halipo, rudi nyumbani." Tukio hilo liliandikwa katika kitabu cha geti, jina, saa na neno "amekataliwa". Fundi hakuwa na kitabu hicho, na wala hakupaswa kukichukua. Notisi ilitaja tarehe ya karibu na kuitaka kampuni ikitunze kitabu cha geti cha mwaka huo pamoja na ratiba za zamu, kwa kuwa vingehitajika mbele ya Tume. Ombi la kutunza nyaraka ni sentensi moja tu, na wengi huisahau, wakaja kuambiwa baadaye kwamba vitabu vya zamani vilichomwa.

Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikutana na kifungu cha aina hiyo katika shauri la Autoclenz dhidi ya Belcher, lililoamuliwa mwaka 2011. Waoshaji magari walikuwa wamesaini karatasi zinazosema wanajitegemea, wanaweza kumtuma mtu mwingine, na hawalazimiki kukubali kazi. Katika hali halisi walitakiwa kufika kila siku na kufanya kazi wenyewe. Mahakama ikaamua kwamba maneno yale hayakuwa makubaliano ya kweli ya pande mbili, na kwamba katika mikataba ya kazi lazima itazamwe nguvu ya kila upande wakati wa kusaini. Uamuzi wa Uingereza haulazimishi Tume ya Musoma. Ulitajwa katika notisi kwa mistari miwili tu, kama mfano wa namna ya kufikiri, na msisitizo ukabaki kwenye kifungu cha 61, ambacho ni sheria ya nchi na kinaeleweka bila msaada wa nje.

Notisi haikuficha mambo yaliyokuwa upande wa kampuni. Fundi alikuwa na spana zake, boksi zima alilolinunua kidogo kidogo tangu Sirari. Siku za mapumziko alitengeneza pikipiki za majirani pale Mugumu. Alikuwa na namba ya mlipa kodi, na kodi ya zuio ilikatwa kwa jina lake kwa miaka 7. Kuna wanaoshauri mambo haya yaachwe ili upande wa pili uyaseme wenyewe. Ushauri huo ni mbaya. Notisi inayonyamaza juu ya jambo ambalo kampuni inalijua tayari inaifanya barua nzima ionekane imechagua ukweli. Kwa hiyo kila moja lilitajwa na kujibiwa. Spana zilikuwa zake, lakini kompresa, jeki kubwa, shimo la gereji, mashine ya kuchomelea, vipuri vyote na ovaroli yenye nembo ya kambi vilikuwa vya kampuni. Pikipiki alizitengeneza mara chache, siku yake ya mapumziko, na pato lake halikufikia hata sehemu ndogo ya malipo ya mwezi. Kodi ya zuio inaonyesha tu namna kampuni ilivyoamua kumwandika. Uamuzi wa upande mmoja kuhusu kodi hauwezi kuwa ushahidi wa makubaliano ya pande mbili kuhusu kazi.

Ni vyema pia kujua mkandarasi wa kweli anafananaje, maana wapo, na notisi ikimdai ajira mtu wa namna hiyo itashindwa, tena kwa haki. Kambi hiyo hiyo ilikuwa na fundi wa sola aliyetoka Tarime kila baada ya miezi mitatu. Alihudumia kambi kadhaa, alikuja na wasaidizi wake wawili aliowalipa mwenyewe, na alitaja bei kabla ya kuanza. Betri aliyoifunga ikifa ndani ya muda wa dhamana, aliibadilisha kwa gharama yake. Siku moja inverta iliungua kwa kosa la msaidizi wake na hasara ikawa yake yote. Fundi magari hakuwahi kupata faida wala hasara ya namna hiyo. Aliposababisha hitilafu kwenye giaboksi mwaka 2018, alipewa barua ya onyo. Kampuni iliyotoa onyo la kinidhamu kwa maandishi ilikuwa imekwisha kujibu, bila kukusudia, swali la yeye ni nani kwake, na barua ile ikawa kiambatanisho cha tatu.

Upande wa Nyamongo swali mara nyingi huwa tofauti kidogo. Mtu anayefanya kazi kwa kampuni ndogo iliyopewa kazi na kampuni kubwa mara nyingi habishaniwi kwamba ni mwajiriwa. Kinachobishaniwa ni mwajiriwa wa nani. Kifungu cha 61 hakimalizi swali hilo, na anayeiga notisi ya fundi wa Ikoma kwa mgogoro wa aina hiyo atakuwa anajibu kitu ambacho hakijaulizwa.

Baada ya hoja ya ajira ndipo madai ya fedha yanapokuja, na hapo mikataba ya mwaka mmoja mmoja ilileta shida ya pili. Kampuni ingeweza kusema: hata kama alikuwa mwajiriwa, mkataba wake uliisha tarehe 31 Machi kwa muda wake kufika, hakuna aliyemwachisha. Jibu hilo likikubaliwa linagharimu, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 haimpi kiinua mgongo mtu ambaye mkataba wake umekoma kwa muda wake kwisha. Notisi ilijibu kwa ngazi mbili. Kwanza, kama sheria ilivyokuwa mwaka 2023, mkataba wa muda maalumu ulikuwa kwa wataalamu na kada ya uongozi, na fundi wa gereji anayesubiri saini ya meneja kabla ya kufungua boneti hakuwa kiongozi. Pili, hata akihesabiwa kuwa na mkataba wa muda maalumu, kifungu cha 36 kinahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mwajiri anapokataa kuhuisha mkataba wakati mwajiriwa alikuwa na matarajio ya haki kwamba ungehuishwa. Mikataba 7 mfululizo yenye maneno yale yale inajenga matarajio hayo, na Februari 2023 meneja alikuwa amemwagiza fundi aandike orodha ya vipuri vya msimu wa Juni. Mtu anayetakiwa kupanga vipuri vya Juni ana sababu ya kuamini kwamba Juni atakuwepo.

Hesabu yenyewe ilifanywa kwa vitu vinne. Notisi ya siku 28, kwa mtu anayelipwa kwa mwezi, ilidaiwa kama mshahara wa mwezi mmoja, 900,000. Likizo ya mwaka wa mwisho, ambayo hakupewa, 900,000 nyingine. Likizo za miaka ya nyuma hazikudaiwa, maana madai yasiyo ya kuachishwa kazi yana ukomo wa siku 60 na kuyarundika kungevuta pingamizi. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10. Mshahara wa siku hupatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 26 kwa mtu wa siku sita kwa wiki, ambayo ni 34,615. Mara 7, mara miaka 7, inakaribia shilingi 1,696,000. Cha nne kilikuwa fidia ya kuachishwa bila sababu halali na bila utaratibu, ambayo kwa sheria ya wakati huo haikupungua mishahara ya miezi 12, yaani 10,800,000. Jumla ikawa kama shilingi 14,296,000. Pia kilidaiwa kitu kisicho fedha, hati ya utumishi, ambayo mwajiri anawajibika kuitoa ajira inapokoma.

Michango ya NSSF iliwekwa aya ya peke yake. Kwa kiwango cha asilimia 20 ya mshahara, ni 180,000 kwa mwezi, na kwa miezi 84 ingepita shilingi milioni 15, ingawa jumla halisi ingepungua pale ambapo mshahara wa miaka ya mwanzo ulikuwa chini kidogo. Fundi alitaka kiasi hicho kiingizwe kwenye madai yake. Akaelezwa kwamba michango hailipwi mkononi. Inadaiwa ipelekwe kwenye Mfuko kwa jina lake, na Mfuko wenyewe una mamlaka ya kuidai. Kuichanganya kwenye jumla kungeifanya notisi ionekane imekadiriwa kwa tamaa, na kungempa matumaini ambayo Tume isingeweza kuyatimiza.

Jina la mlalamikiwa lilitaka uangalifu kuliko ilivyodhaniwa. Kambi ina jina lake lililoandikwa getini na kwenye magari, lakini jina la kambi si kampuni iliyosajiliwa. Tuzo ikitolewa dhidi ya jina ambalo si la mtu wala kampuni, utekelezaji wake unakwama, na wapo walioshinda wakabaki na karatasi. Jina halisi, pamoja na namba ya mlipa kodi, lilipatikana kwenye hati za kodi ya zuio alizopewa fundi kila mwaka.

Muda ulikuwa jambo la mwisho, na ndilo lingeweza kuharibu yote. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa kwenye Tume ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa. Notisi haisimamishi siku hizo, wala mazungumzo ya simu, wala ahadi ya kwamba "suala lako linashughulikiwa". Fundi alifika kwa msaidizi wa kisheria tarehe 8 Aprili, notisi ikapelekwa tarehe 11 ikitoa siku 7, na hadi tarehe 18 kilichorudi ni ujumbe kwamba mkurugenzi yuko safarini na atamwita baada ya sikukuu ya Muungano. Fundi alitaka kusubiri, kwa heshima ya watu aliokula nao miaka 7. Hakuna ubaya kuwa na moyo huo, lakini sikukuu ya Muungano ni tarehe 26, na siku ya 30 ilikuwa Jumapili tarehe 30 Aprili. Fomu ya Tume Na. 1 ikajazwa pamoja na Sehemu B, ambayo hujazwa na mwenye mgogoro wa kuachishwa tu, nakala ikapelekwa kwanza kwa kampuni ikasainiwa kupokelewa, na tarehe 24 fundi akapanda basi kwenda Musoma kuiwasilisha. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini atatakiwa kueleza kila siku iliyopita, na kusema kwamba aliahidiwa kuitwa ni sababu dhaifu.

Kwenye usuluhishi kampuni ilianza kwa pingamizi kwamba hakuna ajira, hivyo Tume haina mamlaka. Fundi aliwakilishwa na mtu aliyemchagua mwenyewe, jambo ambalo sheria inaliruhusu sambamba na wakili au kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Msuluhishi hatoi hukumu. Kazi yake ni kuzisogeza pande mbili zikubaliane. Aliuliza kampuni maswali mawili: kitabu cha geti cha 2019 kiko wapi, na barua ya onyo ya 2018 ilitolewa kwa kanuni zipi. Wakaomba kuahirisha. Kikao cha pili walikuja na pendekezo, na baada ya mvutano wa nusu siku wakakubaliana shilingi milioni 8, ambayo ni zaidi kidogo ya nusu ya madai. Kwa fundi aliyekwisha kukaa miezi miwili bila kipato, akiwa na ada za shule za watoto watatu, fedha ya mkononi ilikuwa na thamani kuliko tuzo ambayo ingeweza kupingwa hadi Mahakama Kuu. Mtu anayemshauri anapaswa kumweleza tofauti hiyo waziwazi, kisha amwachie aamue.

Mkataba wa makubaliano ulisema kampuni inalipa bila kukiri kwamba alikuwa mwajiriwa. Hati ya utumishi, iliyotolewa kama sehemu ya makubaliano hayo hayo, ilimtaja kuwa fundi magari kuanzia tarehe 1 Aprili 2016 hadi 31 Machi 2023. Suala la NSSF halikuingizwa kwenye makubaliano. Fundi alitoa nakala ya hati hiyo, akaiambatanisha na taarifa zake za benki, akaipeleka mwenyewe ofisi ya Mfuko pale Musoma kama malalamiko ya kutoandikishwa.